Madumu 20 tu, na hesabu inasema uchafu unaanzia asilimia hasi. Niripoti vipi?

#1 MwanaMbagala

Wakuu, habari za usiku. Nipo sura ya nne ya utafiti wangu wa mwisho wa shahada na nimekwama.

Nilichukua maji kwa wauza maji wa mikokoteni 20 huku Mbagala, dumu moja kwa kila muuzaji, nikapeleka maabara wakaangalie kama kuna bakteria wa kinyesi. Madumu 3 yamekutwa nao, 17 ni safi. Yaani asilimia 15.

Sasa msimamizi anataka niweke wigo wa asilimia 95. Nikatumia fomula ya darasani:

0.15 ± 1.96 × √(0.15 × 0.85 / 20)

Imetoka kuanzia hasi 0.6 hadi 30.6. Asilimia hasi ya madumu machafu ndiyo nini? Msimamizi kasema nikate hiyo hasi niandike sifuri. Kaka mmoja aliyenitangulia chuoni kasema niachane na habari hizo zote, nitumie Bayes. Nimesoma mpaka macho yanauma, ila bado sijui niandike nini. Kuongeza sampuli siwezi, hela ya vipimo imeisha.

#2 KibopaWaTandika

Tatizo ni sampuli 20. Takwimu inaanzia 30, chini ya hapo hakuna utafiti. Rudi mtaani.

#3 MzeeKipimo

Kibopa, hiyo 30 imezoeleka kama sheria ya barabarani lakini haiko hivyo. Ukiwa na madumu 30 na mawili tu ndiyo machafu, fomula hiyo hiyo itakutolea hasi vilevile. Kinachoiangusha ni uchache wa machafu pamoja na uchache wa sampuli.

MwanaMbagala, kabla ya kuingia kwenye ugomvi wa Bayes, tuitazame fomula yenyewe. Inachukua 15 yako kama katikati, kisha inanyoosha mikono sawasawa kushoto na kulia. Ukiwa karibu na 50, sawa. Ukiwa 15 na sampuli 20, mkono wa kushoto unapita sifuri, unatoka nje ya ukuta. Ukikata hasi ukaandika sifuri utakuwa umeuficha mkono tu. Na zaidi ya hapo, sifuri haiwezekani kabisa: umeshaona madumu matatu machafu kwa macho yako.

Wilson alitoa dawa ya jambo hili mwaka 1927. Yeye anageuza swali: uwiano gani halisi ungeweza kuzaa 3 kati ya 20 bila kushangaza? Kwenye R ni mstari mmoja:

```r
prop.test(3, 20, correct = FALSE)$conf.int
```

Utapata asilimia 5.2 hadi 36.0. Hauko sawasawa kuizunguka 15, na ndivyo inavyotakiwa.

#4 MwanaMbagala

Asante sana mzee, shikamoo. Kwa hiyo naandika kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa uchafu halisi wa Mbagala uko kati ya 5.2 na 36.0?

#5 FundiData

Ndiyo, hiyo ndiyo maana yake. Asilimia 95 una uhakika. Andika, lala.

#6 MzeeKipimo

Marahaba. FundiData, hapo umemwingiza shimoni, na mtahini makini atamtoa jasho kwa sentensi hiyo moja.

Fikirieni dema. Mvuvi anajua kwamba aina fulani ya dema, ikitegwa mara 100, mara 95 inatoka na samaki. Hiyo 95 ni sifa ya dema na namna ya kutega. Ukishatega leo, dema hili moja lililoko chini ya maji ama lina samaki ama halina. Jerzy Neyman, aliyeiandika nadharia hii mwaka 1937, alisema hivyo waziwazi: uwiano halisi umekaa mahali pake, wigo ndio unaohamahama kila ukirudia utafiti. Wigo wa 5.2 hadi 36.0 ni dema moja uliyotega wewe. Unaloweza kusema ni kwamba umetumia dema la kuaminika.

#7 MtotoWaKunduchi

Mzee nakuheshimu, lakini marehemu babu yangu alikuwa mvuvi, nami nimevuta dema tangu niko darasa la tatu. Hakuna mvuvi anayekaa juu ya ngalawa akasema "dema hili ama lina samaki ama halina". Anaangalia kama ni bamvua au maji mafu, anajua jabali lile lina changu, anakumbuka juzi alipata nini. Kabla hajavuta kamba anakwambia leo samaki yupo, au leo tunapoteza muda. Na huwa hakosei sana.

Kama takwimu haziruhusu mtu kusema hivyo kuhusu dema lililo majini, basi kuna jambo zimeacha.

#8 MzeeKipimo

Mtoto wa Kunduchi, umemweleza Bayes kuliko vitabu vingi ninavyovijua. Babu yako alikuwa mfuasi wake bila kumsoma. Ndipo mgawanyiko ulipo: mimi nimeongelea dema, wewe umeongelea anachojua mvuvi.

#9 FundiData

Sawa, nakubali nilichanganya. Lakini sasa nirudi kwa Bayes, huku nako nipo.

Dada (au kaka?), sentensi yako ya #4 inaruhusiwa kabisa, ila kwa njia ya Bayes. Unaanza na dhana ya awali. Ukisema hujui chochote, kila uwiano kuanzia 0 hadi 100 unaupa nafasi sawa. Kihesabu ni kama kuanza ukiwa na dumu moja chafu na moja safi mfukoni kabla hujaenda mtaani. Kisha unaongeza ulichokiona: machafu 3 na 1 yanakuwa 4, safi 17 na 1 yanakuwa 18. Basi.

```r
qbeta(c(0.025, 0.975), 4, 18)
```

Jibu: 5.4 hadi 36.3. Na hapo unasema kwa kinywa kipana kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 uwiano halisi uko humo. Bayes oyee.

#10 KibopaWaTandika

Yaani mmebishana hivyo, huyu kapata 5.2 hadi 36.0, yule 5.4 hadi 36.3. Tofauti ya nukta. Mwacheni mtoto wa watu akalale.

#11 MwanaMbagala

Ni dada. Na Kibopa kauliza swali langu. Kama namba ni zile zile, kwa nini nichague?

#12 MzeeKipimo

Namba zimekaribiana kwa sababu dhana ya awali aliyoitumia FundiData ni bapa, haisemi chochote. Ukitaka kuona njia mbili zinaachana, usiulize wigo, uliza swali lenye kizingiti. Je, kwenye andiko lako ulikuwa na kiwango ambacho ukikipita unapendekeza jambo fulani?

#13 MwanaMbagala

Ndiyo. Niliandika kwamba ikiwa zaidi ya dumu 1 kati ya 10 ni chafu, nitapendekeza maji yatiwe klorini pale pale kisimani kabla ya kupakiwa.

#14 MzeeKipimo

Vizuri, na ni vizuri zaidi kwamba uliandika kabla ya kupima. Sasa tazama.

Njia ya marudio, ile ya dema la #6, inauliza: tuseme uwiano halisi ni asilimia 10 kamili. Ukichukua madumu 20, ni mara ngapi utapata machafu 3 au zaidi? Jibu ni mara 32 kati ya 100. Hiyo ndiyo thamani ya p, 0.32. Ni jambo la kawaida mno, kwa hiyo huna ushahidi wa kutosha wa kuikataa hiyo 10.

Njia ya Bayes, kwa dhana bapa, inauliza: kwa haya madumu niliyoyaona, uwezekano kwamba uwiano halisi umezidi 10 ni kiasi gani?

```r
pbeta(0.10, 4, 18, lower.tail = FALSE)
```

Inatoka 0.848, karibu asilimia 85.

Data ni ile ile. Mmoja anasema "hakuna ushahidi wa kutosha", mwingine anasema "asilimia 85 umezidi". Wote wamepiga hesabu sawasawa. Wanajibu maswali mawili. Kosa kubwa ninalolikuta kwenye tasnifu ni mtu kupata 0.32 akaandika kwamba uwezekano wa maji kuwa salama ni asilimia 32, au mbaya zaidi, akaandika kwamba maji ni salama kwa kuwa p imezidi 0.05. Kwa sampuli 20, p kubwa inaweza kuwa ni ishara tu kwamba umetazama kidogo.

#15 MkekaWaJumamosi

Hii Bayes ndiyo ninayotumia kwenye mikeka. Derby naanza hamsini kwa hamsini, nikisikia mshambuliaji ana nyama za paja nashusha, nikisikia uwanja umeloa nashusha tena. Mwenye kujua zaidi aniambie nashusha kwa kiasi gani.

#16 DadaHesabu

Mkeka, hapo kwenye "kwa kiasi gani" ndipo penye kazi yote. Bayes hakuruhusu kushusha kwa hisia. Unatakiwa kujua habari hiyo ingetokea mara ngapi kama timu ingeshinda, na mara ngapi kama ingeshindwa. Uwanja ukiloa mara nyingi sawa katika hali zote mbili, hushushi chochote. Na umewahi kuweka rekodi ya namba zako uone kama mechi ulizozipa 70 ulipata saba katika kumi?

#17 MkekaWaJumamosi

Sijawahi. Kuanzia wiki hii naandika.

#18 NesiWaZamu

Niongeze la kazini kwangu. Kiangazi wanaletwa watu wengi wenye homa na wachache tu wana malaria. Tuseme kati ya watu 1,000 ni 50 ndio wanayo. Kipimo kikipatia mara 95 katika 100 kwa wagonjwa na mara 95 katika 100 kwa wasio wagonjwa, kitawakamata kama 48 kati ya wale 50. Lakini wale 950 wazima nao kitawaonyesha kama 48 kuwa wanayo. Kwa hiyo anayeonyesha mistari miwili mbele yangu, ni nusu kwa nusu. Msimu wa mvua, wagonjwa wakiwa 300 kwa 1,000, mistari ile ile miwili ina uzito mwingine kabisa. Nilipoelewa hivyo nikawa mfuasi wa Bayes, na watu wa marudio wananishangaza.

#19 MzeeKipimo

Nesi, hesabu yako ni safi na kila mwuguzi angefaa aijue. Ila nirekebishe hitimisho. Hapo hakuna ugomvi. Hata mfuasi mkali wa marudio anaikubali hesabu hiyo, kwa sababu 50 kwa 1,000 ni kitu ulichokihesabu kwenye daftari la wagonjwa. Ni marudio halisi.

Ugomvi unaanza pale dhana ya awali haikuhesabiwa popote. Uwiano wa uchafu wa Mbagala ni kitu kimoja, hakuna Mbagala 1,000 za kuhesabu. Thomas Bayes mwenyewe alikufa 1761 na andiko lake likasomwa na kuchapishwa na rafiki yake Richard Price mwaka 1763. Tangu hapo watu wanabishana kama una haki ya kuweka uwezekano juu ya kitu kimoja usichokijua.

#20 MwanaMbagala

Basi niwaambie na hili. Yule kaka aliyenitangulia alipima madumu 40 mtaa wa jirani, akapata 10 machafu. Asilimia 25. Alipima wakati wa masika, mimi nimepima kiangazi. Naweza kuyaingiza kama dhana ya awali?

#21 FundiData

Naam! Ndiyo maana ya Bayes, elimu haianzi upya kila mwaka. Ila kwa kuwa ni mtaa mwingine na msimu mwingine, usiyahesabu yote 40. Yahesabu kwa nusu uzito: machafu 5, safi 15. Ongeza yako 3 na 17, unapata machafu 8 na safi 32. Katikati ni asilimia 20, wigo ni 9.3 hadi 33.5. Umeona ulivyopungua? Na uwezekano wa kuzidi 10 umepanda kutoka 85 hadi 96.

#22 DadaHesabu

Na hapo ndipo mimi ninaposimama. Kwa nini nusu? Kwa nini isiwe robo, au moja ya kumi? Uamuzi huo peke yake umehamisha jibu kutoka "yawezekana" hadi "karibu hakika", na haukutoka maabara, umetoka kichwani kwa FundiData saa tatu usiku.

Chukua mfano wa kupita kiasi ili ionekane. Mtu ana chuki na wauza maji, anaamini asilimia 40 ya madumu ni machafu, na imani yake ina uzito wa madumu 100: machafu 40, safi 60. Akiongeza 3 na 17 za dada, anapata 43 kwa 77, yaani asilimia 36. Madumu yamesema 15, yeye anaripoti 36, na anaita matokeo ya utafiti. Ukiwa na sampuli 20 dhana ya awali inaweza kuyameza madumu yako yote. Ukiwa na 2,000 haina nguvu hiyo.

Wauza maji hawa wanaishi kwa jina lao mtaani. Ikiandikwa namba iliyozaliwa kwenye imani ya mtu, wao ndio watakaolipa.

#23 FundiData

Dada Hesabu, nakubali hatari ipo. Lakini njia ya marudio nayo ina maamuzi ya kichwani, imeyaficha tu. Nani kachagua 95? Nani kachagua Wilson badala ya fomula ya darasani? Mimi angalau naweka dhana yangu mezani, ukitaka ibadilishe uone jibu linakwenda wapi.

#24 MzeeKipimo

Nyote wawili mna haki. Kwa mwanafunzi, njia ya vitendo ni hii: ripoti dhana zaidi ya moja. Dhana bapa: 85. Nusu ya utafiti wa jirani: 96. Msomaji aone mwenyewe kwamba hitimisho linayumba kwa kiasi gani. Mtu anayeonyesha dhana moja tu, tena ile iliyompa jibu zuri, huyo simwamini hata kama amepiga hesabu bila kosa.

#25 KijanaWaManzese

Mimi ni mtu wa kujaribu kuliko kusoma. Nimejifanya kwamba uwiano halisi ni 15 kamili, nikaifanya kompyuta irudie utafiti wa dada mara 10,000, nihesabu ile fomula ya darasani inanasa 15 mara ngapi.

```r
set.seed(1)
p <- rbinom(10000, 20, 0.15) / 20
m <- 1.96 * sqrt(p * (1 - p) / 20)
mean(p - m < 0.15 & 0.15 < p + m)
```

Inatoka kama 0.82. Yaani fomula inayojiita 95 inanasa 82! Nikabadilisha nikaweka ya Wilson, imetoka kama 0.98. Nimeshtuka.

#26 MzeeKipimo

Safi sana kijana. Hilo ndilo dema lenye tundu. Mwaka 2001 Brown, Cai na DasGupta waliandika makala maarufu wakionyesha kwamba fomula ya darasani inayumba hivyo hata pale watu walipodhani iko salama, na kwa sampuli zisizozidi 40 wakapendekeza ya Wilson au ile ya Bayes yenye dhana iitwayo ya Jeffreys. Angalia jambo moja: kipimo ulichotumia kuihukumu fomula ni kipimo cha marudio, umerudia mara 10,000 ukahesabu. Nami naona hata mtu wa Bayes angefaa apitishe wigo wake kwenye mtihani huo huo.

MwanaMbagala, mwonyeshe msimamizi hiyo 82 kwa adabu. Usimwambie amekosea, mwambie umejaribu na umeona hivi.

#27 MsukumaMkokoteni

Nimesoma uzi wote, mengine yamenipita. Nimesukuma mkokoteni wa maji miaka sita, Temeke na Mbagala. Nina swali moja. Hao wauzaji 20 walikuwa wanachota wapi? Maana sisi hatuchimbi maji, tunachota kwenye visima virefu vya watu. Mikokoteni 20 inaweza kuwa visima vinne. Kisima kikiwa kibovu, wote tunaochota pale tuko wabovu, hata ukitupima mia.

#28 MwanaMbagala

Kaka, umenigusa penyewe. Ni visima vinne. Wauzaji watano kila kisima, niliwachagua hivyo makusudi ili wawe sawa.

#29 MzeeKipimo

Basi kila hesabu niliyoandika hapo juu, na aliyoandika FundiData, na ya kijana wa Manzese, imedhani kwamba kila dumu linajitegemea. Wilson anadhani hivyo. Bayes wa 4 na 18 anadhani hivyo. Nilipaswa kuuliza tangu #3.

Wauzaji wa kisima kimoja wakifanana, madumu 20 hayana habari za madumu 20. Kuna hesabu ya makadirio: chukua 1, ongeza idadi kwa kisima toa moja, mara kiwango cha kufanana. Tuseme kufanana ni 0.2. Inakuwa 1 + 4 × 0.2 = 1.8. Gawanya 20 kwa 1.8, unabaki na kama madumu 11. Wigo wako wa kweli ni mpana kuliko wote tuliotaja. Na kufanana kukiwa zaidi ya hapo, unapanuka zaidi.

Hapa Bayes na marudio wamekaa benchi moja. Hakuna anayekuokoa kwa kubadilisha fomula.

#30 DadaHesabu

MwanaMbagala, yale matatu machafu yametoka visima gani?

#31 MwanaMbagala

Mawili yametoka kisima kimoja. La tatu kwenye daftari nimeandika jina la muuzaji tu, kisima nimesahau. Asubuhi nampigia.

#32 KibopaWaTandika

Daftari, daftari! Uzi wa kurasa zote hizi unasubiri mtu mmoja aamke apokee simu.

#33 MwanaMbagala

Habari za asubuhi wakuu. Nimempata. Ni kisima kile kile. Yaani kisima kimoja kina 3 kati ya 5, na vile vingine vitatu vina 0 kati ya 15.

#34 FundiData

Hapo habari imebadilika kabisa! Nimepiga hesabu: kama visima vyote vingekuwa sawa, uwezekano wa machafu yote matatu kuangukia kisima kimoja ni njia 40 kati ya 1,140, yaani 0.035. Iko chini ya 0.05. Andika kwamba tatizo ni kisima, umemaliza.

#35 DadaHesabu

Taratibu. Hiyo 0.035 ingekuwa na uzito kama dada angeandika kabla kwamba atalinganisha visima. Ameona mchoro kwanza, wewe ukatengeneza mtihani unaoufaa. Yangeangukia wauzaji wa kike watatu ungehesabu wa kike. Yangeangukia madumu ya njano ungehesabu ya njano. Katika njia ya marudio, ulichokusudia kabla ya kuona kinaingia kwenye hesabu, na p hiyo haijui ulikuwa na milango mingapi mingine ya kupitia.

#36 MtotoWaKunduchi

Lakini dada, kisima si rangi ya dumu. Yeyote anayejua maji anajua uchafu unatoka kisimani au njiani. Msukuma Mkokoteni alisema kabla hatujaona majibu, bandiko #27, hata daftari halijafunguliwa. Hiyo nayo ni elimu ya awali, tena ya mtu aliyesukuma miaka sita.

#37 MzeeKipimo

Hoja nzito, na sina jibu la kumridhisha kila mmoja. Mimi ningeandika hivi: swali kuu lilikuwa uwiano wa jumla, ni 3 kati ya 20, wigo wa Wilson 5.2 hadi 36.0, pamoja na onyo kwamba sampuli zimekusanywa kwa visima vinne na wigo halisi ni mpana zaidi. Kisha aya ya pili, iitwe wazi kuwa ni jambo lililoonekana baada ya kupima: kisima kimoja 3 kati ya 5, vingine 0 kati ya 15. Bila kuweka thamani ya p.

Na ile 0 kati ya 15 usiisome kama salama. Ukipata sifuri kati ya 15, uchafu halisi bado unaweza kufika kama asilimia 18 na wewe usiuone.

#38 FundiData

Mimi ningeongeza Bayes ya visima vinne kila kimoja na uwiano wake, vikiazimana habari. Inawezekana.

#39 DadaHesabu

Kwa visima vinne? Ukitaka kujua visima vinatofautiana kiasi gani ukiwa na vinne tu, dhana ya awali ndiyo itakayosema karibu kila kitu. Tunarudi #22.

#40 MsukumaMkokoteni

Samahani naingilia. Watu wanachota pale leo. Huyo mwenye kisima ameambiwa?

#41 MwanaMbagala

Bado. Nilikuwa nasubiri niijue namba sahihi kwanza. Nawatafuta maabara saa hii niulize kama wanaweza kunipimia dumu moja lililochotwa moja kwa moja bombani pale kisimani, kisha jioni nakwenda kuonana naye.

#42 MzeeKipimo

Chukua mawili, asubuhi na jioni. Na safari hii andika kisima kabla ya jina la muuzaji.